Tangi la Vikombe Sita

Juzi mwanangu anayekaa mtaa wa Section 58 aliniita nikaone tangi lake jipya. Jeusi, la plastiki, refu kupita mlango wa jikoni. Lita elfu kumi, akaniambia, kifua mbele. Nikamwuliza paa lake lina ukubwa gani. Akacheka. Nikamwuliza maji hayo ni ya vinywa vingapi, na kiangazi kirefu kuliko vyote alivyoviona kilikuwa cha muda gani. Akacheka tena, akasema tangi ni tangi, mama, likijaa limejaa. Hapo nilishikwa na hasira ambayo hata mimi sikujua ilikuwa imelala wapi. Nilimwambia hajui anachosema, kwamba mtu hanunui tangi kama anavyonunua kofia. Mkewe akaja mbio na chai akidhani nimetukanwa.

Mwanangu hana kosa. Baba yake ni mume wangu wa pili, na habari za wa kwanza sikuwahi kuzisimulia nyumbani mwake. Lakini mimi siwezi kuona tangi la maji nikapita tu. Lazima niligonge.

Wakati huo nilikuwa mke mpya, bado sijajaliwa mtoto, huko Dundori kwenye shamba la mzungu wa ng'ombe na pareto. Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa mabati wa shamba lile. Matangi yote uliyoyaona kwenye nyumba za wazungu upande ule yalipita mikononi mwake. Ndiyo sababu Hali ya Hatari ilipokuja na watu wetu wakaanza kupakiwa kwenye malori kurudishwa makwao, sisi tulibaki. Mzungu hakutaka fundi wake aende. Vibanda vyetu vya nyasi vilibomolewa, tukapewa stoo ya zamani ya kukaushia pareto, ya mbao, yenye paa la bati. Tulikaa humo watu wa nyumba moja: wakwe zangu, mume wangu na mimi, na wifi zangu wawili waliokuwa wasichana tu. Vumbi la pareto lilikuwa limeingia kwenye kila ufa, na wiki ya kwanza tulipiga chafya mpaka mama mkwe akasema afadhali tungeenda na malori.

Maji tulichota mtoni, bondeni, ukingoni mwa msitu. Kisha wakubwa wa serikali wakaamua kwamba kando yote ya msitu ni marufuku, na mto ukaangukia upande wa marufuku. Wanawake tukaruhusiwa kwenda siku chache kwa wiki, tukiwa kundi, na askari nyuma yetu. Kwa kufua ilitosha. Kwa kunywa na kupika haikutosha, na kwa hiyo mume wangu alipewa ruhusa ya kwenda na punda, asubuhi, na mapipa mawili.

Mwezi wa tano, mvua ikiwa bado inanyesha, alikwenda hivyo hivyo kama siku zote. Punda akarudi peke yake. Mapipa yalikuwa yamejaa, yamefungwa vizuri kwa kamba, fundo lake yeye nililolijua. Punda akasimama mlangoni akingoja kupakuliwa. Baadaye tulisikia kwa nyapara kwamba askari walimshika wakidai anawapelekea chakula wapiganaji wa msituni, na kwamba amepelekwa kambi ya kizuizini. Kambi gani, hakuna aliyejua au aliyetaka kusema. Pasi yake ya ruhusa ilikuwa mfukoni mwake, na haikumsaidia kitu.

Maji yale hatukuyanywa siku ile. Mama mkwe aliyaangalia tu. Kisha kesho yake tukayanywa, maana tulikuwa na kiu.

Siku moja baba mkwe alirudi kutoka karakana akasema hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga tena njia ile ya mtoni kutafuta maji ya kunywa. Atajenga tangi. Alikuwa ameomba mabati yaliyobaki kwenye kazi ya zizi, na mzungu alikuwa amekubali.

Mimi nilidhani angeanza kupiga nyundo siku hiyo hiyo. Wapi! Alianza kwa kamba. Aliniita nishike ncha moja, kwa sababu wifi zangu walikuwa wakikama, na tukapima paa. Nikataka kupanda ngazi. Akaniuliza napanda kufanya nini. Nikamwambia nakwenda kupima bati. Akatikisa kichwa. Kosa la wengi hilo, akasema, kupima bati kwa mteremko wake wa juu, halafu mtu anajidanganya kwamba ana maji ambayo hana. Mvua inatoka juu, haijui paa limeinama kiasi gani. Kinachohesabiwa ni ardhi ambayo paa limeifunika. Basi tukapima chini, kutoka tone la ukingo huu mpaka tone la ukingo ule: futi thelathini kwa urefu, kumi na sita kwa upana. Eneo lake futi mia nne na themanini. Ningepanda juu ningepata mia sita, na tungekufa kiu kwa hesabu yangu.

Kisha akanieleza kwamba inchi moja ya mvua, ikianguka kwenye futi moja ya mraba, inatoa nusu galoni. Sikuamini. Nilikuwa na mdomo siku zile, hata mbele ya mkwe. Hakukasirika. Alikwenda karakana akapinda kipande cha bati laini kikawa sinia la futi kwa futi, kina chake inchi moja, akamimina humo nusu galoni ya maji mbele yangu. Lilijaa likabaki kidogo tu kufika ukingoni. Akaniambia hicho kidogo tukiache, atakayekila ni kiangazi.

Ofisini kwa shamba kulikuwa na kopo la kupimia mvua, na karani aliandika inchi zake kwa chaki ukutani kila mwaka. Baba mkwe hakuchukua mwaka mzuri, wala wa katikati. Alichukua mbaya kuliko yote aliyoikumbuka: inchi thelathini. Mia nne na themanini mara thelathini, gawa kwa mbili, galoni elfu saba na mia mbili. Akatoa sehemu moja ya tano, yale maji yanayorukia nje ya gata, ule mfereji wa ukingo wa paa, yanayokauka juu ya bati la moto, na yale machafu ya mvua ya kwanza ambayo lazima uyamwage. Zikabaki elfu tano na mia saba na sitini. Paa linatosha kwa mwaka, akasema. Lakini tangi si la mwaka. Mvua inapokuja unakunywa huku inajaza. Tangi ni la kuvuka kiangazi tu, tangu Desemba inapokatika mpaka mwisho wa Machi, na kwa Dundori hizo ni siku mia moja.

Sasa ikabaki kujua ni watu wangapi. Na hapo ndipo hesabu ilipokwama.

Kwetu watu hawahesabiwi. Mbuzi unaweza, tena kwa kujificha. Watoto wa mtu huwezi kuwanyooshea kidole ukisema mmoja, wawili, watatu. Ni kama kumwonyesha adui njia. Baba mkwe alilijua hilo vizuri, na hakuwahi hata mara moja kuniuliza tuko wangapi. Alimwambia mkewe alete vikombe. Kila mtu nyumbani alikuwa na kikombe chake cha bati kilichopakwa rangi, na vikombe unaweza kuvihesabu kwa sababu ni vikombe tu.

Mama mkwe akaingia ndani akatoka navyo kwenye karai, akavipanga chini kwenye mstari. Chake na cha mumewe, vyeupe. Cha kijani changu. Viwili vidogo vya wifi zangu.

Vilikuwa vitano.

Nilingoja. Nilidhani amesahau kimoja. Nikamtazama usoni, akageuza uso. Baba mkwe akachukua kijiti akaanza kuandika mchangani: galoni mbili kwa kikombe, kwa kunywa na kupika na kunawa, vikombe vitano, galoni kumi kwa siku, siku mia moja, galoni elfu moja. Mwendo wa kijiti chake ulikuwa wa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajaulizwa. Tangi la futi sita kwa upana, akasema bila kuniangalia: sita mara sita mara tano, galoni mia na themanini kwa kila futi ya kwenda juu. Kwa elfu moja ni futi tano na inchi saba hivi. Weka inchi nne chini ya bomba kwa ajili ya takataka. Karibu futi sita kamili. Bati lina upana wa futi mbili likishapishanishwa. Mizunguko mitatu.

Nikaingia ndani. Kikombe cha mume wangu kilikuwa cha buluu, kimebanduka rangi mahali mdomo wake ulipogusa. Nilikikuta kimefunikwa kwa kitambaa nyuma ya unga. Nikakitoa, nikakiweka mwisho wa mstari.

Wifi zangu, waliokuwa wamerudi na maziwa, wakasimama hapo hapo walipokuwa. Nilitegemea nitaambiwa nimekosa adabu, na kweli nilikuwa nimekosa.

Mama mkwe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Nilikuwa namficha."

Mimi nilidhani amemtoa kwa sababu amekata tamaa, na ndani ya moyo wangu nilikuwa nimeshamwita mwanamke mgumu. Kumbe alimwacha nje ya hesabu ili kisije kitu chochote huko aliko kikamsikia akihesabiwa. Tulikuwa tunampenda kwa njia mbili zilizogombana, yeye kwa kumficha na mimi kwa kumweka mstarini.

"Akirudi Februari," nilimwambia baba mkwe, "atakunywa maji ya nani?"

Alikaa akitazama kile kikombe cha buluu. Halafu akafuta mchanga kwa kiganja. Galoni kumi na mbili kwa siku. Elfu moja na mia mbili kwa kiangazi. Futi sita na inchi nane, na nne za takataka, futi saba. Mzunguko wa nne, nusu upana wa bati, ambao ungetoka kwenye bati moja lililopasuliwa katikati kwa urefu. Bati alikuwa nalo. Kilichokosekana ni nafasi. Gata lilikuwa futi saba na nusu kutoka chini, na kila tangi alilowahi kulijenga lilikaa juu ya jukwaa la mawe la futi moja, ili debe liingie chini ya bomba. Futi saba na moja ni nane. Mdomo wa tangi ungekuwa juu ya gata, na maji hayapandi.

Akazunguka ukuta mara kadhaa, akapima tena. Nikaona anataka kuniambia haiwezekani na hana moyo wa kuniambia. Mwisho akasema jukwaa tutaliacha, tangi likae juu ya safu moja ya mawe bapa, karibu na udongo, na mbele ya bomba tuchimbe shimo la kuweka debe. Atakayechota itabidi apige magoti.

"Tutapiga," mama mkwe akasema.

Lilijengwa mwezi wa saba, katika baridi ya Dundori inayouma vidole. Mabati yalipindwa kwenye mashine ya karakana, mawili kwa kila mzunguko, maana tangi la futi sita linazungukwa na futi kumi na tisa kasoro kidogo na kila bati lilikuwa la futi kumi. Baba mkwe akayashona kwa riveti, zile pini za chuma, kisha akayeyusha risasi ya kulehemia akaziba kila unganisho, akipitisha chuma cha moto polepole, ulimi nje. Mimi nilishikilia bati kwa ndani. Mzunguko wa nne tulipoufikisha juu nilikuwa nimesimama ndani ya tangi, kila pigo la nyundo likinigonga kichwani, na nilikuwa na furaha. Nasema kweli, furaha. Niliona kana kwamba ninamtengenezea mahali pa kukaa. Nikamwambia mama mkwe akirudi nitamsimulia jinsi nilivyokuwa kiziwi kwa ajili yake, naye akacheka, akasema mwanawe alikuwa kiziwi tangu utotoni kila anapotumwa kitu.

Mvua za Agosti zikaanza kulijaza, za mwisho wa mwaka zikamalizia. Mwishoni mwa Novemba maji yalitokea kwenye tundu la juu la kumwagikia, na sote tukatoka nje kuyatazama yakianguka. Kikombe cha buluu nilikitundika kwenye msumari juu ya bomba. Mama mkwe hakukipinga.

Kisha mvua ikakatika na kiangazi kikaanza. Sheria ilikuwa moja: madebe mawili na nusu kwa siku, ambayo ni galoni kumi. Hakuna aliyezidisha. Wifi yangu mdogo aliwahi kuosha miguu kwa maji ya tangi, akachapwa kwa maneno mpaka akalia. Kila siku, nikishapiga magoti na kuchota, niligonga tangi kwa vifundo vya vidole kutoka juu kwenda chini. Penye hewa bati lilipiga kelele. Penye maji sauti ilizimika. Nilijua kila siku maji yamefika wapi, na nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba akirudi Januari fungu lake bado liko, na akirudi Februari bado liko. Machi vilevile, tena zaidi.

Ilipofika mwisho wa Machi mawingu yakaanza kurundikana upande wa Molo. Baba mkwe akapanda ngazi na kijiti kirefu, akakichovya mpaka chini, akakitoa. Akapima palipolowa, akatoa inchi nne za takataka. Ilibaki futi moja na inchi moja. Akapiga hesabu kwa midomo yake, na nikaona uso wake ukifunguka, mara ya kwanza tangu punda arudi peke yake. Kwa fundi, hilo ni jambo la kufurahia: kulipima tangi kwenye mchanga na kukuta mwisho wa kiangazi kwamba umekosea chini ya upana wa kidole.

"Hesabu imekubali," akasema. "Galoni mia mbili."

Kisha akaniona, na akashuka kwenye ngazi. Galoni mia mbili ni mtu mmoja kwa siku mia moja. Kama hesabu ingekataa, kama tangi lingekuwa limevuja mahali au wifi zangu wangeiba, ningekuwa na pa kujidanganyia. Maji yake yote yalikuwepo. Hakuwa amekunywa hata kikombe.

Wiki hiyo hiyo alipita mtu aliyekuwa akitoka kambini, akielekea kwao juu zaidi. Karani alimleta kwetu kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amekonda, na suruali yake imefungwa kwa kamba. Alikaa kwenye kigoda akaomba maji kabla ya kusema lolote, nami nikampa kwa kikombe changu cha kijani. Akanywa, akaomba mengine. Akasema maji haya ni matamu. Halafu akatuambia. Ilikuwa homa na kuendesha tumbo, ilipita kambini ikachukua wengi, na wote walijua ni maji ya kule, ya kuchotwa kwenye dimbwi moja na watu wasio na idadi. Mume wangu aliugua siku chache tu. Walimzika mwezi wa saba, wakati wa baridi.

Nilimwuliza tena mwezi gani. Akarudia.

Mwezi wa saba nilikuwa ndani ya tangi nimeshikilia bati.

Sitaandika jinsi tulivyolia. Kila mtu anajua kilio, na hakuna cha kujifunza humo. Nitaandika kilichofanyika kwa maji, kwa sababu hilo ndilo ninaloliona ninapofumba macho.

Tangi huoshwa kabla ya mvua kubwa. Ni kazi ya lazima. Unafungua kizibo cha chini, unamwaga kilichobaki, unaingia na brashi na majivu, unatoa matope na vumbi na chura kama yumo. Baba mkwe alikuwa fundi, na hata kwa msiba hakujua kuacha kazi nusu. Asubuhi moja alikwenda na spana, akainama penye kizibo. Mawingu yalikuwa meusi juu ya mlima.

Mama mkwe akatoka nje kichwa wazi. Akaingia shimoni, akapiga magoti, akakitoa kikombe cha buluu kwenye msumari. Akakijaza, akanywa chote taratibu. Akakijaza tena akanipa mimi. Mdomo wangu ukakaa pale palipobanduka rangi. Kisha akaushika mkono wa mumewe wenye spana.

"Usimwage," akasema. "Huyu nimeshamhesabu."

Baba mkwe akaondoa spana. Akaacha kizibo kilivyo. Mwaka ule tangi halikuoshwa, na ni tangi pekee katika maisha yake ambalo najua hakuliosha.

Mvua ikaja mchana huo huo, ya mawe kwanza, kisha ya kawaida. Aligeuza gata pembeni ili uchafu wa kwanza uende, kama inavyopasa, halafu akalirudisha. Tulisikia maji mapya yakianguka ndani juu ya yale ya zamani. Wenzangu wakaingia ndani. Mimi nilibaki chini ya ukingo wa paa, nimelowa, nikigonga bati kwa vifundo, nikitafuta mahali maji yake yalipoishia na ya mvua yalipoanzia. Niligonga kutoka kwenye bomba mpaka mkono wangu ulipofika, na kadiri mvua ilivyoendelea, sauti ikawa moja tangi zima.